Kugundua mashine mbovu bila kuonyeshwa ubovu: jinsi autoenkoda inavyofanya kazi

Fundi wa pancha anaijua kompresa yake kwa sikio. Mota inawaka, tangi linajaa upepo, mota inazima. Gari likijazwa tairi, upepo unapungua na mota inawaka tena. Siku mpira unapopasuka mahali pasipoonekana, mota inaunguruma muda mrefu kuliko kawaida na geji haipandi. Fundi anainua kichwa na kusema, "Hapa kuna upepo unatoka." Hakusoma ubovu huo kwenye kitabu. Anajua tu kwamba mashine yake leo haifanyi kama siku zote.

Katika makala haya tunaeleza jinsi kompyuta inavyofundishwa kufanya kazi kama hiyo ya fundi, kwa kutumia njia inayoitwa autoenkoda. Tutatumia kisa cha kweli cha kompresa ya treni katika mji wa Porto, nchini Ureno, kisha tutapiga hesabu ndogo ambayo msikilizaji unaweza kuifuata bila kikokotoo.

Vipimo vingi, majina hakuna

Mashine kubwa siku hizi hufungwa vihisi, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, presha, umeme au mtikisiko, na kuandika namba mchana na usiku. Kihisi kimoja kinachoandika kila dakika kinatoa namba 1,440 kwa siku. Vikiwa kumi na tano, ni zaidi ya namba 21,000 kwa siku moja.

Tatizo ni kwamba namba hizo hazina maelezo. Hakuna mtu aliyekaa pembeni akaandika, "dakika hii mashine ilikuwa nzima, dakika hii ilikuwa mbovu." Wataalamu huita maelezo ya namna hiyo lebo, na vipimo visivyo nayo huitwa data isiyo na lebo. Kuweka lebo kunahitaji fundi mzoefu na muda mwingi. Zaidi ya hapo, mashine inayotunzwa vizuri huharibika mara chache, kwa hiyo hata ukiwa na fundi huyo, mifano ya ubovu atakayokupa ni michache mno kuifundishia kompyuta.

Hapo ndipo njia inapogeuzwa. Badala ya kuifundisha kompyuta ubovu unafananaje, tunaifundisha uzima unafananaje, kwa sababu vipimo vya siku za uzima viko tele. Kisha tunaiacha ituambie kila inapoona kitu kisichofanana na ilichokizoea.

Kompresa ya treni za Porto

Treni za mjini Porto zina kompresa inayotengeneza upepo kwa ajili ya sehemu mbalimbali za treni. Moja ya kazi za upepo huo ni kushikilia behewa katika kimo kilekile, abiria wawe wachache au wengi. Treni haina kompresa ya akiba ya kufanya kazi hiyo. Kompresa ikishindwa, treni inaondolewa njiani mara moja, abiria wakiwamo wa kushushwa.

Watafiti walifunga vihisi kwenye kompresa ya treni mojawapo na kukusanya vipimo kuanzia Februari hadi Agosti mwaka 2020. Vipimo hivyo viliwekwa wazi kwa yeyote anayetaka kuvichunguza, kwa jina la MetroPT-3. Ndani yake mna ishara 15. Saba ni namba zinazopanda na kushuka, kama presha sehemu mbalimbali, joto la oili na umeme wa mota. Nane ni za kuwaka na kuzima tu, kama valvu ikifunguka au swichi ikibonyea.

Vipimo vyenyewe havina lebo. Lakini kampuni ya treni ilitoa taarifa za karakana yake, na taarifa hizo zinataja hitilafu nne, zote za kuvuja upepo. Ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Aprili. Ya pili ilianza usiku wa tarehe 29 Mei na kuendelea hadi alfajiri yake. Ya tatu ilidumu kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 7 Juni. Ya nne ilikuwa tarehe 15 Julai, kuanzia saa 8:30 mchana hadi saa 1:00 jioni.

Kompresa hii inafanana kitabia na ile ya fundi wa pancha. Mota ikiwa imezimwa, umeme wake ni karibu na sifuri. Ikizunguka bila kusukuma upepo, inavuta ampea 4 hivi. Ikisukuma upepo kwa nguvu, inavuta ampea 7, na wakati wa kuwaka inafika 9. Presha ikishuka chini ya baa 8.2, ambayo kwa geji ya pancha ni kama PSI 119, kompresa inaamriwa kujaza. Ikishuka chini ya baa 7, swichi ya hatari inawaka.

Mtu anaweza kuuliza: kama swichi ya hatari ipo, autoenkoda ya nini? Jibu ni kwamba swichi hiyo inaamka tangi likiwa limekwisha kupungukiwa. Upepo unapoanza kuvuja kidogo, kompresa hufidia kwa kufanya kazi zaidi, na presha inabaki juu. Ampea 7 ni namba ya kawaida. Presha ya baa 8.5 ni namba ya kawaida. Ukiangalia kila namba peke yake, huoni kosa. Kosa liko katika namna namba zinavyokaa pamoja: mota inasukuma kwa nguvu zote, na tangi halijai.

Kubana na kuunda upya

Autoenkoda ni programu yenye sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inapokea vipimo vyote na kuvibana kuwa namba chache. Sehemu ya pili inapewa namba hizo chache tu, na kazi yake ni kuviunda upya vipimo vyote vya mwanzo. Katikati ya sehemu hizo mbili kuna uchochoro: njia nyembamba ambayo vipimo vyote haviwezi kupita kama vilivyo.

Mfano wake ni mtoto anayetumwa dukani kila jioni kununua vitu vilevile: sukari, majani ya chai, sabuni na kibiriti. Baada ya muda humtajii tena kimoja kimoja. Unamwambia, "Kalete vya jioni," naye analeta vyote vinne. Neno hilo moja linatosha kwa sababu amezoea. Lakini siku ukihitaji sukari, misumari na betri, huku neno lako likiwa lilelile moja, atarudi na vya jioni. Tofauti kati ya ulichotaka na alichokuleta ndiyo inayoonyesha kwamba siku hiyo haikuwa ya kawaida.

Autoenkoda hufundishwa kwa vipimo vya siku za uzima. Inajaribu kubana na kuunda upya, inapimwa imekosea kiasi gani, inarekebishwa kidogo, inajaribu tena, mara maelfu. Mwishowe inajifunza mazoea ya mashine: mota ikisukuma, presha hupanda, mota ikipumzika, presha hushuka taratibu. Mazoea hayo ndiyo yanayoiwezesha kubana bila kupoteza kitu.

Kisha inapewa vipimo vipya. Vikifuata mazoea, inaviunda vizuri. Visipoyafuata, inatoa kitu kingine kinachofanana na mazoea yake ya zamani. Tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka inaitwa kosa la kuunda upya. Hiyo ndiyo namba tunayoiangalia.

Hesabu ya mfano

Tupige hesabu kwa ishara mbili tu badala ya 15. Namba hizi tumezitunga wenyewe ili hesabu iwe nyepesi, hazikutoka Porto.

Kila dakika tunaipa mota alama ya kazi, kuanzia 0 ikiwa imezima hadi 10 ikisukuma kwa nguvu zote. Tangi nalo tunalipa alama ya kujaa: 0 ni pale presha inaposhuka kwa matumizi ya kawaida, 10 ni pale inapopanda kwa kasi yake kamili. Mashine ikiwa nzima, alama hizi mbili hukaribiana. Mota ikipata 10, tangi linapata 9 au 10. Mota ikipata 1, tangi linapata 0 au 1.

Uchochoro wetu unaruhusu namba moja tu ipite. Autoenkoda iliyozoea alama zinazokaribiana itapitisha wastani wake, na upande wa pili itaunda alama zote mbili kutokana na wastani huo.

Dakika ya uzima: mota 10, tangi 9. Wastani ni 9.5. Upande wa pili zinaundwa 9.5 na 9.5. Mota imekosewa kwa 0.5, na tangi kwa 0.5. Tunazidisha kila tofauti kwa yenyewe ili alama ya kutoa isitusumbue na ili tofauti kubwa zionekane zaidi. Tunapata 0.25 na 0.25. Wastani wa makosa ni 0.25.

Dakika ya kuvuja sana: mota 10, tangi 0. Wastani ni 5. Zinaundwa 5 na 5. Kila moja imekosewa kwa 5, na 5 mara 5 ni 25. Kosa ni 25, mara mia moja ya lile la kwanza. Angalia kwamba 10 ni alama ya kawaida kwa mota, na 0 ni alama ya kawaida kwa tangi. Hakuna kihisi kilichosoma namba ya ajabu. Ajabu ni kuonekana kwa namba hizo mbili katika dakika moja.

Dakika ya kuvuja kidogo: mota 10, tangi 6. Wastani ni 8, kila moja imekosewa kwa 2, na kosa ni 4. Bado ni mara kumi na sita ya kosa la uzima.

Mstari wa tahadhari

Kosa haliwi sifuri daima hata mashine ikiwa nzima. Lazima tuamue kosa la kiasi gani litufanye tupige kengele. Kwa kuwa hatuna lebo, mstari huo tunauchora kwa kutazama makosa ya siku za uzima peke yake.

Tuseme katika dakika 1,000 za uzima, dakika 990 zilikuwa na kosa chini ya 1. Tukichora mstari kwenye 1, tumeacha dakika 10 katika kila 1,000 zituamshe bure. Inaonekana ni kidogo. Lakini siku ina dakika 1,440, kwa hiyo tutapigiwa kengele za uongo kama 14 kila siku, na mashine ni nzima. Baada ya wiki moja fundi atazima simu, na siku ya hitilafu ya kweli hatasikia.

Dawa yake ni kutoamini dakika moja. Tunachukua wastani wa makosa ya dakika 30 zilizopita. Ikitokea dakika moja yenye kosa la 4 kati ya dakika 29 zenye 0.25, wastani unakuwa chini kidogo ya 0.4, na kengele inanyamaza. Lakini upepo ukianza kuvuja kidogo, kila dakika inaleta 4. Dakika sita za namna hiyo zinaufikisha wastani kwenye 1 kamili, na dakika ya saba inauvusha. Tumechelewa dakika saba, na badala yake tumepata usingizi.

Watafiti wa Porto nao waliweka chujio la aina hiyo baada ya autoenkoda yao, kuondoa miruko ya muda mfupi na kubakiza kupanda kunakodumu. Taarifa za karakana hazikutumika kuifundisha kompyuta. Zilitumika baadaye, kukagua kama makosa yalipanda katika siku ambazo mafundi walikuta upepo unavuja.

Inapokosea

Kuna namna nne za njia hii kudanganya, na kila moja ina dalili yake.

Ya kwanza ni siku za mafunzo kuwa chafu. Kama upepo ulikuwa tayari unavuja wakati wa kufundisha, autoenkoda itaona kuvuja ni tabia njema ya mashine, na haitasema neno. Ndiyo sababu huchukuliwa vipimo vya muda ambao mashine imetoka matengenezo, au, kama ilivyowezekana Porto, wiki za mwanzo kabla ya hitilafu ya kwanza kuripotiwa. Daftari la karakana lina thamani hapa, hata kama limeandikwa kwa kalamu. Dalili ya uchafu ni hii: mashine inatengenezwa, na kosa linapanda badala ya kushuka.

Ya pili ni uchochoro kuwa mpana. Katika hesabu yetu, tungeruhusu namba mbili zipite badala ya moja, autoenkoda ingenakili tu: 10 na 0 zinaingia, 10 na 0 zinatoka, kosa sifuri. Ingekuwa hodari wa kuunda uzima na hodari vilevile wa kuunda ubovu. Programu inayojisifu kwa kosa dogo sana wakati wa mafunzo inaweza kuwa haina faida yoyote kazini. Jaribio lake ni kuipa vipimo vilivyovurugwa makusudi, kwa mfano umeme wa leo uliounganishwa na presha ya jana, na kuona kama inashtuka.

Ya tatu ni mazoea kubadilika bila ubovu. Msimu wa joto ukifika, oili inapata moto zaidi. Treni ikihamishiwa njia yenye vituo vingi, kompresa inafanya kazi zaidi. Kosa litapanda, na mashine haina tatizo. Kumbuka kwamba namba hii haisemi "mbovu". Inasema "sijazoea". Kosa la namna hii kwa kawaida linapanda siku moja na mabadiliko yanayojulikana, na linapanda kwa mashine zote za aina hiyo kwa pamoja. Hitilafu ya kweli huishika moja.

Kufundisha upya kwa vipimo vipya kunatatua jambo hilo, ila kuna hatari. Ukifundisha upya kila wiki bila kukagua mashine, ubovu unaokua polepole utaingia kwenye mazoea kidogo kidogo, na kengele haitalia kamwe.

Ya nne ndiyo inayowashangaza wengi. Rudi kwenye hesabu yetu na fikiria mota imeungua. Haifanyi kazi: alama 0. Tangi linashuka: alama 0. Wastani ni 0, zinaundwa 0 na 0, kosa ni sifuri. Mashine iliyokufa imepata alama bora kuliko mashine nzima, kwa sababu kwa dakika moja kifo na mapumziko vinafanana. Tofauti inaonekana tu ukiangalia muda mrefu, kwani mashine nzima haipumziki saa nzima tangi likiisha. Kwa hiyo autoenkoda za kazini hupewa kipande cha muda, si dakika moja moja. Na kwa hiyo pia swichi ya kawaida ya baa 7 haiondolewi. Kosa dogo si hati ya uzima.

Kengele ikilia, fundi anafanya nini

Kwa kuwa kosa la jumla limejengwa na makosa ya kila kihisi, fundi anaweza kulifungua na kuona ni kihisi gani kimechangia zaidi. Zikiongoza ishara za presha na za umeme wa mota, anaanza na mabomba na valvu. Likiongoza joto la oili, anaanza na oili na feni.

Lakini hata hapo asikubali jibu kwa haraka. Katika hesabu yetu ya 10 na 0, mota ilichangia 25 na tangi 25, sawa kwa sawa. Autoenkoda ilijua kwamba wawili hao hawapatani, haikujua nani mkosaji. Inawezekana upepo unavuja. Inawezekana tangi ni zima na kihisi chake ndicho kimekatika waya. Hatua ya kwanza ya fundi ni kusoma geji ya mkono na kulinganisha na kihisi. Vikitofautiana, anabadilisha kihisi. Vikikubaliana, anachukua maji ya sabuni na kupaka kwenye maungio kutafuta mapovu.

Vifaa vya namna hii vinauzwa pia kwa wenye mashine za kusaga, pampu za maji na matangi ya kupoozea maziwa. Ukiletewa, muulize muuzaji maswali matatu. Ilijifunza kwa vipimo vya mashine ipi na siku zipi, na nani alihakikisha siku hizo mashine ilikuwa nzima? Kwa kawaida hutoa kengele ngapi za uongo kwa wiki? Na mota ikizima kabisa, itajua? Kama swali la tatu hana jibu, usiondoe swichi yako ya zamani.